Ofisi Ikinyamaza Imeshajibu

Wenzetu wengi kutoka Kongo na Burundi wanaoishi Ufaransa wamezoea kuiogopa barua ya prefekti inayosema hapana. Barua hiyo walau ina tarehe, ina sahihi, na mwisho wake huandikwa mahakama ya kwenda na muda uliopo. Hatari kubwa zaidi ni ile barua isiyofika. Mtu ameiandikia ofisi iliyomkatalia, ameiomba iutazame upya uamuzi wake, kisha amekaa kusubiri jibu kwa subira na adabu. Haki yake inapotea katika kusubiri huko, kwa sababu kwa sheria ya Ufaransa ofisi iliyonyamaza miezi miwili juu ya ombi la namna hiyo inahesabiwa kuwa imekataa. Tangu siku hiyo muda wa kwenda mahakamani unakwenda, hata kama hakuna mtu aliyemwambia.

Tuanze na kanuni yenyewe. Anayepinga uamuzi wa ofisi ya serikali ana miezi miwili, tangu alipokabidhiwa uamuzi huo, kuufikisha mbele ya mahakama ya utawala. Ndani ya miezi hiyo anaruhusiwa kwanza kuiandikia ofisi ileile iliyoamua na kuiomba ijifikirie upya. Ombi hilo likifika ndani ya muda, hesabu ya mwanzo inafutika. Hapa wengi hukosea, wakidhani muda umesimama tu na utaendelea pale ulipoachia. Sivyo. Unarudi kuanza moja, na ofisi ikikataa tena mwombaji anapata miezi miwili mizima mingine.

Utaratibu huu haukubuniwa na bunge. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya utawala huko, lilikubali mwaka 1881, katika shauri la Bansais, kwamba kumlalamikia mkubwa wa ofisi kunailinda haki ya kwenda mahakamani. Mwaka 1917, katika shauri la Marchelli, likaukubali ulinzi huohuo kwa anayeirudia ofisi yenyewe. Fikra iliyo nyuma yake ni ya busara: mtu anayejaribu kuelewana na ofisi kabla ya kushtaki asiadhibiwe kwa kujaribu.

Si kila nchi iliyoifuata njia hiyo. Marekani, katika kesi za kufukuzwa nchini, ilichagua kinyume chake. Mwaka 1995, katika shauri la Stone, Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba kuiomba Bodi ya Rufaa za Uhamiaji itazame upya uamuzi wake hakuusogezi muda wa kwenda mahakamani hata siku moja. Muda huo leo ni siku 30 tangu amri ya mwisho ya kuondolewa, na mwenye kesi anatakiwa kuendesha mambo mawili sambamba: ombi kwa Bodi na rufaa mahakamani. Kwa hiyo ushauri mzuri wa binamu aliyeko Lyon unaweza kumwangamiza binamu aliyeko Texas.

Turudi Lyon. Tuchukue mfano wa dereva mmoja wa lori, mzaliwa wa Uvira, mwenye kibali cha ukaazi, anayetaka mkewe aje kuishi naye. Sheria inamtaka awe ameishi Ufaransa kihalali angalau miezi 18, awe na nyumba inayofaa, na mapato yake ya miezi 12 yafikie wastani wa kima cha chini cha mshahara wa nchi. Prefekti anamkatalia akisema mapato hayatoshi. Dereva akikagua hesabu anaona kilichotokea: mwaka huo alifanya kazi kwa waajiri wawili, na ofisi imehesabu hati za mshahara za mmoja tu.

Barua ya kukataliwa aliisaini mikononi mwa tarishi Jumanne tarehe 4 Machi 2025. Siku ya kupokea haihesabiwi, na siku ambayo miezi inatimia nayo haihesabiwi, hivyo siku yake ya mwisho ni Jumatatu tarehe 5 Mei. Nyumbani shemeji yake anamwambia, “Shemeji, usikimbilie mahakamani, utawaudhi bure. Waandikie kwanza, uwaoneshe kosa lao.” Ushauri huo si mbaya. Ofisi inaweza kurekebisha hesabu yake kwa wiki chache, ilhali kesi huchukua miezi mingi, pengine hata mwaka na zaidi. Tena ofisi ina uhuru ambao jaji hana. Inaweza kumwonea mtu huruma na kuzingatia hati mpya ya mshahara. Jaji kwa kawaida anaangalia kama uamuzi ulikuwa halali siku ulipotolewa, basi.

Dereva anaandika kurasa mbili. Anataja namba na tarehe ya uamuzi, anasema waziwazi kwamba anaomba ufutwe, anaeleza kosa la hesabu, anaambatisha hati zote 12 za mshahara na nakala ya uamuzi wenyewe. Hilo la kusema waziwazi lina uzito wake. Barua inayouliza tu “faili langu limefikia wapi?” au inayoomba miadi haihesabiwi kuwa ombi la kutazamwa upya, na haigusi muda. Anaituma kwa rejista yenye hati ya kurudi, na ile kadi ndogo inarudi nyumbani ikiwa na muhuri unaoonesha kwamba ofisi ya prefekti ilipokea barua Alhamisi tarehe 10 Aprili.

Kadi hiyo sasa ndiyo mali yake kubwa. Siku 37 zilizokwisha kupita zimefutika. Ofisi ina miezi miwili ya kujibu, yaani hadi tarehe 10 Juni. Ikinyamaza, siku hiyo kunazaliwa uamuzi wa kukataa ambao haupo kwenye karatasi yoyote, na siku ya mwisho ya kufungua kesi inakuwa Jumatatu tarehe 11 Agosti. (Kama siku hiyo ingeangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, angepewa hadi siku ya kazi inayofuata.) Tarehe hizo mbili anapaswa kuziandika ukutani siku ileile kadi iliporudi, kwa sababu hakuna atakayempigia simu kumkumbusha. Na kusubiri huku hakusimamishi uamuzi wa kwanza: mkewe bado hana ruhusa ya kuja.

Ofisi nayo huweza kujibu kwa kuchelewa, na hapo hesabu inahitaji macho. Ikimkatalia kwa maandishi kabla ya tarehe 10 Juni, miezi miwili inaanza siku atakapopokea barua hiyo. Barua ya kukataa ikimfikia, tuseme, tarehe 2 Julai, wakati kimya kimeshazaa uamuzi lakini muda wa mahakama haujaisha, miezi miwili inaanza tena siku alipoipokea barua hiyo. Lakini ikija Septemba, baada ya tarehe 11 Agosti kupita, haifungui mlango wowote. Inathibitisha tu kilichokwisha amuliwa. Nadhani hii ndiyo sehemu katili kuliko zote, kwa sababu mwenye kuishika anaona karatasi mpya yenye tarehe mpya na kujiaminisha kwamba ana muda.

Kuna anayefikiri kwamba kama barua moja imefuta siku 37, barua ya pili itafuta nyingine. Hapana. Barua ya pili kwa ofisi ileile juu ya uamuzi uleule haisogezi kitu, hata iwe na hoja nzuri kuliko ya kwanza. Kinachoruhusiwa ni kumwandikia prefekti na pia mkubwa wake, waziri wa mambo ya ndani, mradi maombi yote mawili yapelekwe ndani ya ile miezi miwili ya mwanzo. Hapo muda unaanza upya pale tu wote wawili watakapokuwa wamekataa. Anayemaliza kwa prefekti kwanza, akakataliwa, kisha ndipo amwandikie waziri, amechelewa: muda wa mahakama unaendelea huku barua yake ikisafiri kwenda Paris.

Tuseme tarehe 10 Juni imepita kimya. Dereva anafungua kesi katika mahakama ya utawala ya Lyon, kwa posta au kwa mtandao kupitia Télérecours citoyens, bila kulazimika kuwa na wakili. Anapinga nini, barua ya Machi au kimya cha Juni? Silaha zake zote azielekeze kwenye barua ya Machi, kwa maana ndiyo iliyomuumiza. Akisahau na kutaja kimya pekee, hajaharibikiwa: tangu mwaka 2018 Baraza la Dola limewataka majaji wasome kesi ya namna hiyo kuwa inaupinga uamuzi wa kwanza pia. Ila kulalamika kwamba ofisi ilimnyamazia au ilimjibu vibaya mara ya pili hakutamsaidia kitu. Kosa la kuthibitisha ni lile la hesabu ya mishahara.

Je, kama barua ya Machi haikutaja kabisa muda wala mahakama? Basi miezi miwili haimbani. Zamani mtu wa namna hiyo angeweza kuibuka wakati wowote, mpaka alipoibuka polisi mmoja mstaafu, Czabaj, aliyepinga uamuzi wa pensheni ya mwaka 1991 zaidi ya miaka 20 baadaye. Tarehe 13 Julai 2016 Baraza la Dola likaweka mpaka: kwa kawaida, mwaka mmoja tangu mtu alipoujua uamuzi.

Yote haya yanahusu uamuzi wa kawaida, na bahasha nyeupe ya prefekti haisemi kwa nje kilichomo. Mtu aliyenyimwa kibali cha ukaazi mara nyingi hupata ndani ya karatasi ileile amri ya kuondoka Ufaransa, kwa kifupi OQTF. Amri hiyo ina saa yake yenyewe: kwa kawaida mwezi mmoja, siku saba kwa aliyewekewa masharti ya kukaa mahali maalumu, saa 48 kwa aliyezuiliwa kituoni. Kumwomba prefekti atazame upya hakuusogezi muda huo hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, ukurasa wa kwanza kusomwa uwe ule wa mwisho, panapoandikwa muda wa kukata rufaa. Ukikuta pameandikwa miezi miwili, kalamu na posta ya rejista zinatosha kuanzia. Ukikuta pameandikwa mwezi mmoja au chini yake, ya kutafutwa siku hiyohiyo ni mahakama au wakili, na barua ya kumbembeleza prefekti, kama mtu bado anaitaka, iende pembeni.