Ukurasa Anaousoma Mkurugenzi

Januari 16, 2003, chombo cha anga Columbia kilipokuwa kikipaa, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi walifanya uchambuzi, kisha wakawaonyesha wakuu wa shirika la NASA matokeo kwa slaidi. Kichwa cha mojawapo kilikuwa cha kutuliza wasiwasi. Jambo zito lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: kipande kilichokadiriwa kugonga bawa kilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali vipande vilivyowahi kufanyiwa majaribio vilikuwa vya inchi za ujazo 3 tu. Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Tume iliyochunguza ajali hiyo iliitaja slaidi hiyo katika ripoti yake, ikaona ni rahisi kwa kiongozi kuisoma bila kutambua kwamba maisha ya watu yamo hatarini.

Slaidi si ripoti, lakini kosa hilohilo hujirudia kila siku kwenye muhtasari unaowekwa mwanzoni mwa ripoti ndefu za miradi. Ukweli upo, umeandikwa, ila umekaa mahali ambapo mkubwa hafiki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi wa maji wa vijiji 12 unakaribia kufungwa, na ripoti yake ina kurasa 90. Muhtasari unaanza hivi: “Mradi ulilenga kuboresha upatikanaji wa maji safi na salama kwa wananchi. Shughuli mbalimbali zilitekelezwa kwa kushirikisha wadau. Pamoja na mafanikio makubwa, changamoto kadhaa zilijitokeza.”

Kuna njia nyepesi ya kuupima muhtasari wa namna hii: futa kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa kabla mradi haujaanza. Hapa hakibaki kitu. Malengo yalikuwemo kwenye andiko la mradi, wadau walitarajiwa kushirikishwa, na mradi usio na changamoto haujawahi kuwepo. Mara nyingi chanzo ni mwandishi kuchukua aya za utangulizi na kuzibandika mbele, kwa kuwa muhtasari ndio kazi ya mwisho na muda umekwisha.

Mwandishi mzoefu huanzia kwingine. Kwanza hujiuliza ni nani atakayeisoma ripoti hiyo, na anatakiwa kuidhinisha nini. Kisha hufungua sura ya mapendekezo na kurudi nyuma hadi kwenye matokeo, akichukua yale tu yanayobeba uamuzi huo. Kwa mradi wetu, angeandika hivi:

“Tunaomba idhini ya kutumia shilingi milioni 180 kati ya milioni 300 zilizobaki, ili kufikisha maji kwa bomba katika vijiji vitatu. Visima 12 vimechimbwa. Tisa vinatoa maji safi, vitatu vina chumvi nyingi na havifai kwa kunywa. Idhini isipotolewa kabla ya Juni 30, fedha zitarudi kwa mfadhili na vijiji hivyo vitabaki bila maji. Visima vyote vilipimwa wakati wa masika. Kiasi cha maji wakati wa kiangazi bado hakijajulikana.”

Ombi limetangulia. Sababu imefuata, kisha gharama ya kutofanya lolote. Historia ya mradi, majina ya kamati na namna uchimbaji ulivyofanyika vimebaki ndani, kwa atakayetaka kuvifuata.

Sentensi ya mwisho ndiyo ambayo wengi huiacha, wakihofia kwamba itaudhoofisha mradi. Huishia ukurasa wa 61, kwenye maelezo ya chini ya jedwali. Lakini bomba litakalojengwa litavuta maji kwenye visima hivyohivyo tisa, na vikipungua kiangazi, fedha zitakuwa zimelazwa ardhini. Mkurugenzi akiijua hali hiyo, anaweza kuagiza visima vipimwe upya kabla ya kununua mabomba. Asipoijua, hana sababu ya kuuliza.

Limebaki suala la tarakimu. Muhtasari ukiandikwa mapema, ripoti huendelea kubadilika nyuma yake: bei ya mabomba inapanda, sura ya sita inarekebishwa kuwa milioni 195, na ukurasa wa mbele unabaki na milioni 180. Kwa hiyo siku ya kuchapa, mtu ambaye hakuuandika hupewa kalamu. Kila tarakimu ya muhtasari huitafuta ndani ya ripoti na kuandika pembeni ukurasa alioikuta. Asipoiona, ripoti haipelekwi. La sivyo mkurugenzi ataidhinisha milioni 180, na mhasibu atagundua pengo la milioni 15 siku ya kulipa.