Kabla Meneja Hajatoka Kwenye Grupu

Lori la saruji likizuiwa mizani ya Vigwaza saa nane usiku kwa sababu ekseli moja imezidi uzito, dereva hana muda wa kuwaza. Anashika simu, anamtafuta meneja wa usambazaji kule Dar es Salaam, anapiga. Meneja anapokea kwa sauti ya usingizi na kumkumbusha kwamba aliaga Ijumaa iliyopita. "Si niliandika kwenye grupu?" Ni kweli aliandika. Dereva aliusoma ujumbe ule, tena akajibu kwa mikono miwili iliyokutana na neno "Amina bosi". Ila hakumbuki nani alitajwa kushika nafasi, na hata akirudi kuutafuta sasa hivi gizani, uko chini ya salamu za watu arobaini.

Kuaga kwa ujumbe wa WhatsApp kumekuwa sehemu ya kazi katika ofisi, maghala, shule na hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Wengi huuandika ujumbe huo dakika ya mwisho, wakiwa wamesimama, sanduku la vitu vyao likiwa mezani. Ndiyo maana nyingi zinafanana. Zinaanza na kila chenye mwanzo, zinapita kwenye "familia" ya ofisi, zinaomba msamaha, zinatakia heri, na mwisho kabisa kuna sentensi kama hii: "Kwa lolote msisite kuwasiliana na ofisi." Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi ya kufanya, na haimtaji mtu.

Ujumbe wa meneja anayeondoka una sehemu mbili zenye uzito tofauti. Shukrani zinaweza kukosewa na dunia ikaendelea. Jina la mpokeaji likikosewa, gari linalala barabarani. Kwa hiyo mpangilio unaofaa ni kinyume cha uliozoeleka: jina kwanza, shukrani baadaye.

Si jambo geni. Tarehe 24 Agosti 2011, Steve Jobs alipojiuzulu ukuu wa kampuni ya Apple, aliandika barua kwa bodi na kwa jamii nzima ya kampuni ambayo haifiki hata maneno 200. Alisema anaachia ngazi, akaeleza nafasi anayoomba kubaki nayo, akapendekeza waziwazi kwamba Tim Cook awe mrithi wake, na ndipo akafunga kwa kuwashukuru aliofanya nao kazi, ambao miongoni mwao alipata marafiki wakubwa wa maisha yake. Aliyeisoma barua ile harakaharaka, akaishia katikati, alikwisha kujua amtazame nani kesho yake.

Turudi kwenye ghala letu la saruji, ambalo ni la mfano tu, pamoja na majina yake. Grupu lina madereva, makarani wa ghala, walinzi wa getini, mhasibu na meneja. Ujumbe wake ungeweza kusomeka hivi:

> Ndugu zangu wa Usambazaji, habari za asubuhi. Ijumaa hii ni siku yangu ya mwisho kazini. Kuanzia Jumamosi saa 12 asubuhi, mambo yote ya magari, vibali vya kutoka getini na matatizo ya mizani ni kwa Bi. Rehema, kwenye laini ileile ya ofisi mliyozoea. Mafuta na posho za safari yanabaki kwa mhasibu kama kawaida. Mzigo wa Dodoma wa Jumatatu Bi. Rehema anaujua, nyaraka anazo.
>
> Madereva, wakati wa mvua zile barabara ilipokatika, hakuna mteja aliyecheleweshewa mzigo bila kupigiwa simu mapema. Nawashukuru kwa hilo. Watu wa ghala, hesabu ya mwisho wa mwaka ilifunga bila pengo na mnajua tulikotoka. Walinzi, asanteni kwa kunirudisha siku ile nilipotaka kupitisha gari bila kibali.
>
> Niliyemkwaza, naomba radhi. Nitakuwemo humu hadi Jumatatu jioni, kisha nitatoka. Mungu awalinde barabarani.

Kuna vitu vichache hapo vya kutazamwa kwa karibu. Cha kwanza ni saa. "Kuanzia wiki ijayo" huacha mwanya, na katika mwanya huo watu wawili wanaweza kutoa amri mbili kwa gari moja, au wote wawili wakanyamaza kila mmoja akidhani mwenzake ameshughulikia. Jumamosi saa 12 asubuhi haina mjadala. Cha pili ni mipaka: Bi. Rehema amepewa magari, geti na mizani, lakini fedha hazikuhama. Bila sentensi ile kuhusu mhasibu, Jumamosi mchana angeanza kupokea maombi ya posho ambazo hana mamlaka ya kuidhinisha. Cha tatu ni ile kazi moja iliyo njiani, mzigo wa Dodoma. Mambo yanayopotea wakati wa makabidhiano mara nyingi ni yale yaliyoanza kwa meneja wa zamani na yatamalizikia kwa mpya, kwa hiyo kulitaja moja lililo karibu kunawatuliza wanaolisubiri.

Laini ya ofisi nayo ni jambo lenyewe. Meneja aliyeendesha kazi miaka mitatu kwa namba yake binafsi ana kazi ngumu zaidi ya kuaga, kwa sababu namba hiyo imo kwenye simu za wateja, kwenye vitabu vya getini, pengine imebandikwa hata kwenye kioo cha lori. Ujumbe mmoja wa grupu hauwezi kuifuta. Mwenye akili huanza kuihamisha kazi kwenye laini ya ofisi tangu siku anapotoa notisi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi aliyevuka mwezi wake wa kwanza kazini, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inataja siku 28 kwa anayelipwa hivyo. Muda upo. Mara nyingi unaliwa na sherehe ya kuagana na kulipia keki.

Kama hakuna laini ya ofisi na lazima itolewe namba binafsi ya anayepokea, aombwe ruhusa kwanza. Kuna wanaojua kwamba wamekuwa mameneja baada ya simu yao kuanza kuita.

Kuhusu shukrani, tofauti ya ujumbe unaogusa na ule unaopitiwa juu juu iko kwenye tukio. "Nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu" ni kweli, na hakuna anayejiona ndani yake. Mvua, hesabu iliyofunga, mlinzi aliyemkatalia bosi wake: hayo aliyekuwapo anayajua. Lakini pana mtego. Ukianza kutaja watu kwa majina katika grupu la watu arobaini, lazima utasahau mmoja, na huyo ndiye atakayeukumbuka ujumbe wako muda mrefu kuliko wote. Ndiyo sababu meneja wetu ametaja vikundi, kila kikundi na tendo lake. Shukrani ya mtu mmoja mmoja inakwenda kwake faragha, au bora zaidi, ana kwa ana.

Kuomba radhi ni desturi yetu na ujumbe bila hilo ungesomeka mkavu. Sentensi moja inatosha. Anayeongeza "hasa lile suala la mwezi wa tatu" ameliamsha upya mbele ya watu waliokuwa hawajui kwamba lilikuwapo. Mwenye kinyongo afuatwe nyumbani kwake.

Sasa mambo ya simu yenyewe, ambayo wengi huyagundua wamekwisha chelewa. Kama Bi. Rehema anatoka idara nyingine na hayumo kwenye grupu, aingizwe kabla ujumbe haujatumwa, maana kwa kawaida anayeingizwa leo haoni yaliyoandikwa jana. Kisha afanywe admini. Meneja aliyekuwa admini peke yake akijitoa bila kumteua mwingine, WhatsApp yenyewe huchagua mwanachama yeyote bila mpangilio. Madaraka ya kuingiza na kutoa watu yanaweza kumwangukia kibarua wa wiki mbili, naye asijue hata kitufe kiko wapi.

Baada ya kutuma, ujumbe ubandikwe juu ya grupu. WhatsApp inaruhusu kuubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na siku 30 ndizo zinazofaa hapa, kwa sababu heri na dua zitamiminika na kuufukia ndani ya muda mfupi. Namba ikikosewa, kuna dakika 15 za kuusahihisha. Baada ya hapo inabidi kutuma mwingine. Na nywila za mfumo, funguo za siri za akaunti au namba za kuidhinishia malipo hazina nafasi humo kabisa, hata kama kila mtu anaaminiana. Hizo ni za hati ya makabidhiano, ile inayosainiwa na anayetoa na anayepokea, ambayo ujumbe wa grupu hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kutoka nako kuna namna yake. Tangu 2022, mtu akijitoa kwenye grupu la WhatsApp wanaoarifiwa ni maadmini peke yao. Zamani kila mtu aliona mstari ule wa "ametoka" na kujua. Leo meneja anaweza kuondoka kimya na madereva wakaendelea kumwandikia maswali kwa wiki nzima wakidhani anasoma. Ndiyo maana yule wa kwetu amesema waziwazi atatoka lini. Zile siku mbili tatu za kubaki zinamruhusu kufanya jambo moja tu: kila swali la kazi linapoulizwa, hajibu, anamtaja Bi. Rehema chini yake. Akijibu mara moja tu, watu wataelewa kwamba bado yupo.

Na Bi. Rehema asikae kimya. Ndani ya saa ileile aandike chini ya ujumbe wa kuaga kwamba amepokea, anapatikana saa ngapi, na usiku apigiwe au aandikiwe. Bila jibu lake, kilichopo ni tamko la upande mmoja.

Inatokea pia kwamba mrithi hajapatikana. Hapo atajwe anayekaimu, kwa jina na kwa tarehe ya kikomo. "Bw. Saidi anakaimu hadi mwisho wa mwezi" ni ahadi inayoshikika, na tarehe hiyo ikifika bila tangazo jipya, watu wana haki ya kuuliza.

Yupo na meneja ambaye hakuaga kwa sababu aliachishwa kazi. Kumwachia aandike chochote ni kumtesa yeye na waliobaki. Ujumbe unaandikwa na aliye juu yake, unataja kwamba fulani hayuko tena kwenye nafasi hiyo kuanzia leo, nani anaishika na kwa mambo gani, bila neno la sababu. Kwenye grupu la kazi, sababu huzaa maswali ambayo hakuna mtu humo mwenye ruhusa ya kuyajibu.