Pikipiki ya Pwani Huoshwa kwa Maji Gani?

Pikipiki inayobeba samaki kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, huanza kuoza kwa nyuma. Maji ya samaki na barafu hudondoka kutoka kwenye tenga, hupita kwenye keria, hutambaa juu ya madigadi na kuishia kwenye ekzosi na boliti za shokapu. Jioni mwenyewe huimwagia ndoo mbili za maji ya kisima, hufuta kiti na tenki, basi. Miezi michache baadaye vichwa vya boliti vimekuwa rangi ya udongo, na nati ya namba 10 iliyokuwa ikifunguka kwa spana tu sasa inamtoa fundi jasho.

Lawama huangukia upepo wa bahari, na kwa kweli hauna usafi wowote. Lakini chumvi kavu peke yake hailet­i kutu upesi. Inahitaji maji, na huyavuta yenyewe kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi hulowa na kugeuka tone. Usiku wa pwani hupita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo pikipiki unayoiona kavu kibarazani huenda imelowa usiku kucha chini ya vichwa vya boliti, ambako jicho halifiki. Anayeosha pikipiki pwani anatafuta chumvi kwanza, tope baadaye.

Ndiyo maana maji yenyewe yana maana kuliko sabuni. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na ukisuuza kwayo umeipaka chombo chako chumvi upya. Dondosha tone kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha doa jeupe zito, maji hayo yatumie kuondolea tope tu. Suuzo la mwisho liwe la maji matamu, na ya mvua ndiyo bora. Lita kumi zinatosha ukimimina kwa kopo taratibu, kuanzia juu kushuka chini.

Osha asubuhi, kivulini, injini ikiwa imepoa, ili jua la mchana likusaidie kukausha. Mwaga maji matupu kwanza: mchanga usipoondoka, sifongo litaukwaruzisha kwenye rangi. Kisha tumia shampuu ya gari. Sabuni ya unga huondoa nta inayolinda rangi, na jiki hushambulia kromu na alumini, hata kama inang'arisha kwa siku moja. Usisahau upande wa ndani wa madigadi, maana tope lililoganda pale hushika chumvi na unyevu pamoja. Mashine ya presha iwe mbali na beringi za magurudumu.

Ukimaliza kufuta, endesha kidogo ili joto na upepo vitoe maji yaliyojificha. Halafu tia tone la oili safi kwenye kila kichwa cha boliti na nati, ulisambaze kwa brashi ndogo. Kazi yake ni kuziba njia ya maji. Usiguse diski, breki wala tairi. Wengine hupaka oili chafu ya injini. Hiyo hukusanya vumbi, na vumbi la pwani lina chumvi yake.

Kromu inataka jicho la karibu zaidi. Ni utando mwembamba mno juu ya nikeli, nao una vitundu visivyoonekana. Kutu unayoiona imetoka kwenye chuma kilicho chini. Angalia nguzo za shokapu za mbele, pale zinapoingia na kutoka kwenye sili. Kidoa kidogo cha kutu hapo hukwaruza sili kila shokapu inapocheza, oili huanza kuvuja, na ikifika kwenye breki si suala la urembo tena. Kidoa kichanga kisugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi kama stiliwaya. Futa, kausha, kisha paka nta. Pitisha ukucha juu yake: ukikwama kwenye shimo, kromu imeshatoboka na kutu itarudi. Nguzo hiyo ni ya kubadilishwa au kupigwa kromu upya.

Kwenye rangi, dalili ni kalenge dogo lililovimba, hasa kwenye ukingo wa chini wa tenki. Kupaka rangi juu yake ni kufunika kutu ikiwa hai. Piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, futa vumbi, paka praima siku hiyohiyo kabla usiku haujaingia, ndipo rangi ifuate. Na turubai la kufunikia pikipiki likitoka mvuani, lianikwe kwanza. Likifunikwa bichi hufungia unyevu ndani, na hapo afadhali pikipiki ilale wazi chini ya paa.