Kituo chako cha hali ya hewa kinaweza kukudanganya

Msimu uliopita hapa Puge nilimshauri kijana mmoja wa nyanya apulizie dawa ya bakajani chelewa mara mbili. Simu ilisoma unyevu wa hewa asilimia 92 usiku kucha, na ugonjwa huo hupenda unyevu wa 90 kwenda juu kwa saa nyingi. Kumbe kihisi kilikuwa kimepotoka. Hela ya dawa ikaenda bure, jamani, na ushauri ulikuwa wangu.

Kituo chenyewe ni cha kawaida: bodi ya ESP32, kihisi cha joto na unyevu, moduli ya laini ya simu, betri ya 18650 na paneli ndogo ya sola. Vumbi na moshi wa shamba hukaa kwenye kihisi, na taratibu kinaanza kusoma uongo.

Kukipima ni rahisi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kihisi ndani ya kopo lisilopitisha hewa, visigusane, kivulini, usiku mzima. Hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 83, yaani kimezidisha 8. Ile 92 ilikuwa kama 84 tu! Sasa programu inatoa 8 kabla ya kutuma. Rudia kipimo kila miezi mitatu. Tofauti ikipita 10, au namba ikiganda kwenye 99 hata mchana wa jua kali, nunua kihisi kipya.

Tatizo la pili ni umeme. Kituo kikizimika saa nane usiku, unakosa saa zile zile unazozihitaji. ESP32 ikikaa macho hula kama miliampea 100, kwa hiyo betri ya 2500 mAh inaisha kwa siku moja hivi. Dawa yake ni kuilaza:

```
esp_sleep_enable_timer_wakeup(3600ULL * 1000000ULL);
esp_deep_sleep_start();
```

Hapo inaamka kila saa, inapima, inatuma, inalala. Tuseme inaamka dakika moja kwa miliampea 120: hiyo ni 2 mAh. Usingizini ikila 1, jumla ni 3 kwa saa, na betri inafika kama mwezi bila jua.

Ila hesabu hiyo inaharibika usipokata umeme wa moduli ya laini kwa transista, na usipoing'oa ile taa ndogo ya bodi inayowaka muda wote. Pia moduli ikituma huvuta hadi ampea 2 kwa ghafla. Ukiona kituo kinajiwasha upya kila kikitaka kutuma, ongeza kapasita kubwa karibu nayo.

Tuma na volti ya betri kwenye ujumbe huo huo. Mimi ikishuka 3.5 naenda kufuta vumbi kwenye paneli.