Mihogo ya Coco, Jumapili Saa Kumi

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku binti wa jirani yangu aliponiletea simu yake sebuleni. Walikuwa wamechati wiki tatu na kaka mmoja waliyekutana mtandaoni. Siku mbili kabla walipigiana simu ya video, kwa hiyo uso na sauti alikwisha kuvijua. Sasa ujumbe mpya ulikuwa umeingia: “Jumapili njoo kwangu nikupikie.”

“Anti, mimi kwake siendi,” akaniambia. “Ila nikimkatalia ataniona mgumu, na chati zetu zimenoga.”

Hofu hiyo naifahamu, na ndiyo inayowapeleka wengi mahali ambapo mioyo yao haikutaka kwenda. Wanaamini maneno ya usalama ni baridi na maneno ya mahaba ni moto, kwamba ukichagua haya umeyaacha yale. Nikamwomba anionyeshe jibu alilokuwa amelianza. Lilisomeka hivi: “Samahani, bado sijakufahamu vizuri, naomba tukutane sehemu yenye watu kwa usalama wangu.”

Halina kosa, na akilituma ni haki yake. Lakini angalia linavyofanya kazi. Linaanza kwa kuomba radhi, kisha linatoa sababu, na sababu ikishatolewa mwenzio anapata cha kubishia. Atauliza, “Kwani mimi mwizi?” Wewe utajitetea, naye atakuhakikishia. Mkifika hapo hamzungumzii tena mahali pa kukutania. Mnajadili kama yeye ni mtu mwema, jambo ambalo huwezi kulijua kwa simu. Utani nao umekwisha kufa.

Tukalifuta. Baada ya kucheka na kubishana kidogo, akaandika hili: “Mapishi yako yasubiri foleni. Kwanza nataka kuona kama unaiweza pilipili ya mihogo ya Coco bila kutoa chozi. Jumapili saa kumi, pale kwenye vibanda. Ukilia, unaninunulia dafu.”

Ndani ya sentensi hizo mna mahali, siku na saa, na hamna hata neno moja la kujieleza. Mwaliko wa nyumbani haukukubaliwa wala haukukataliwa kwa ukali, umewekwa kando tu. Kilichokuja mbele ni changamoto, na mwanamume anayekupenda hufurahia kuchokozwa. Usalama umo ndani ya chaguo lenyewe. Coco Beach Jumapili alasiri hujaa familia, watoto, wauza mihogo na mishikaki, na barabara iko hapo hapo. Saa kumi inawapa zaidi ya saa mbili za mwanga kabla jua halijazama. Tena mihogo ni rahisi, na hilo si jambo dogo, kwa sababu wapo wanaume wanaokualika nyumbani kwa kuwa mkahawa umewazidi mfuko na wanaona aibu kusema. Ukitaja mahali nafuu umemwondolea aibu hiyo bila kuigusa.

Jibu likaja: “Coco kelele bwana. Kwangu kuna utulivu. Au unaniogopa?”

Hapa wengi huteleza, ama kwa kukasirika, ama kwa kulegea ili kuthibitisha kwamba hawaogopi. Binti akafikiri, akatabasamu, akaandika mwenyewe bila msaada wangu: “Kelele ndiyo nzuri, itabidi nikusogelee ndiyo nikusikie.” Nilipiga makofi. Alikuwa ameichukua sababu ya kukataa akaifanya sababu ya kuja, na mahali pakabaki palepale.

Nilimwambia pia kwamba utani wa namna hii una kikomo, nami nakiweka kwenye mara mbili. Akirudi kwenye chumba mara ya tatu, mzaha unaisha na maneno yanakuwa mafupi: “Mimi Jumapili niko Coco. Ukiweza, karibu.” Mtu aliyepewa mwaliko mtamu, akaahidiwa kusogelewa, na bado anang'ang'ania mlango wa kufungwa, anakuonyesha anachokitaka. Akinuna, akianza kukuhesabia muda wake aliopoteza, umeshapata jibu ukiwa bado nyumbani kwako. Januari 2024 jijini Nairobi wanawake wawili vijana waliuawa katika vyumba vya kukodi kwa muda mfupi, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya watu wakaandamana mitaani Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Nikikumbuka habari zile, neno “utulivu” kwenye mwaliko wa kwanza linanikosesha raha.

Wanaume nao wasidhani haya hayawahusu. Wapo waliovutwa na picha nzuri hadi chumbani wakawakuta watu wengine wakiwasubiri, na Nairobi wana neno lao, kuwekewa “mchele”, yaani kutiliwa dawa kwenye kinywaji. Nao wana haki ya kusema, “Tuanzie Coco.”

Yule kaka akakubali. Kisha akaandika kitu kilichoonekana cha kiungwana: “Nitumie ulipo nikuitie Bolt.” Wengine husema, “Nikutumie nauli.” Nauli ina kesi yake ya zamani mitandaoni, kuna wanaoila wasitokee, na kuna wanaume ambao wakishaituma huona wamekwisha kununua kitu. Gari aliloliita yeye lina tatizo jingine: ili kukuitia ni lazima ajue unapochukuliwa, na safari nzima ataiona kwenye simu yake. Atakuwa amejua kwako kabla hamjapeana mkono. Kurudi nalo ni vilevile. Binti akajibu, “Acha nije mwenyewe, nataka nikuone wewe ndiyo unanisubiri.” Hilo nalo ni chokoo, na njia ya kurudi nyumbani imebaki mikononi mwake.

Jambo la mwisho tuliloliandaa ni mabadiliko ya dakika za mwisho, maana hapo ndipo mpango mzuri huvunjwa kwa upole. Umeshavaa, umeshafika, simu inaita: “Huku pamejaa, nimesogea kwa mshikaji wangu hapa nyuma, njoo mara moja.” Kwa kuwa umeshatoka nyumbani, kugeuka kunaonekana hasara. Tulikubaliana jibu mapema, likiwa bado lina tabasamu: “Mimi na mhogo wangu hatusogei. Nakupa dakika ishirini, halafu nakula na wa kwako.” Zikipita dakika hizo, anakula kweli na kuondoka.

Jumapili alitoka saa tisa na nusu. Kwenye WhatsApp unaweza kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Alinichagulia saa 8, nami nikakaa na simu pajani nikiutazama ule mduara wenye picha yake ukiteremka kuelekea baharini. Alikuwa amekwisha kumwambia kaka wa watu, kwa sauti ya utani lakini bila kuficha, “Saa kumi na mbili anti yangu ananipigia, usije ukashtuka.” Tuliiweka simu hiyo kwa makusudi. Kama mambo yangekuwa mabaya, ingempa sababu ya kuinuka, na kama yangekuwa mazuri, angeipokea na kuniambia bado yupo.

Saa kumi na kasoro dakika tano mduara ukatulia kwenye vibanda vya mihogo. Haukusogea. Saa kumi na moja na dakika ishirini ujumbe ukaingia: “Anti, amelia. Ameenda kununua dafu.”