Uniti zilizobaki zitakufikisha lini?

Namba inayosomeka kwenye mita ya LUKU, tuseme 18.6, ni kiasi cha umeme, wala haisemi chochote kuhusu fedha. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa nzima. Taa ya wati 10 ingekaa na uniti hiyo hiyo saa mia moja. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kubakiwa na uniti sawa, mmoja akalala gizani kesho na mwenzake akafika wiki ijayo.

Bei huingia wakati wa kununua tu. Kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza mwaka 2016, mteja wa nyumbani aliye kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Elfu kumi humpa uniti 28 hivi. Aliye kundi la D1, la matumizi madogo, hupata uniti 75 za mwanzo za mwezi kwa shilingi 9,150. Zinazozidi hapo humgharimu shilingi 427 kila moja. Makato ya kodi ya jengo nayo yanaweza kupunguza uniti unazopewa kwa fedha ile ile. Kwa hiyo usipime matumizi kwa kukumbuka ulinunua ya shilingi ngapi. Soma mita.

Soma kila siku saa ile ile, na uhakikishe unasoma salio. Mita nyingi huweza pia kuonyesha jumla ya umeme uliotumika tangu zilipofungwa, na namba hiyo hupanda badala ya kushuka. Tuchukue kaya ya watu watano. Jumamosi saa mbili usiku salio ni 18.6. Jumapili saa mbili usiku ni 14.9, maana yake zimeliwa uniti 3.7. Mama mwenye nyumba akigawa 14.9 kwa 3.7 atapata siku nne na kuanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Lakini Jumapili zilipigwa pasi sare za wiki nzima, televisheni ilishinda imewaka, na wote walikuwa nyumbani. Jumatatu usiku salio ni 12.5: zimeliwa 2.4 tu. Siku nyingine zikienda kama Jumatatu, wiki nzima itakula 18.1, na Jumamosi inayofuata saa mbili usiku mita itasoma 0.5. Siku moja imemdanganya. Wiki imemwambia kweli.

Wastani wake ni uniti 2.6 kwa siku, karibu 78 kwa mwezi wa siku 30. Kama yuko D1, amepita mpaka wa 75 kwa kidogo sana, na kidogo hicho kinaweza kupunguzwa. Ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga, ikipashwa kwa hita kutoka nyuzi 25 hadi 45, hula karibu nusu uniti. Ndoo moja kila siku ni uniti 14 kwa mwezi! Taa za ndani, ambazo watu huzigombania sana, kama ni za LED hazifikii hata nusu ya hapo.

Ukitaka kujua nini kinakula, tazama taa ndogo nyekundu ya mita. Pembeni yake huandikwa kitu kama `1000 imp/kWh`: taa ikimeta mara 1,000, uniti moja imekwisha. Kwa mita hiyo, hesabu mimeto ya dakika moja, zidisha kwa 60, upate wati. Friji, televisheni na taa zikiwaka huenda ukahesabu mitatu, yaani wati 180. Chomeka pasi, uhesabu tena: ikifika 20, sasa nyumba inavuta wati 1,200. Kwa friji dakika moja haitoshi, kwa kuwa mota yake huwaka na kujizima yenyewe. Hiyo ipime kwa salio la usiku mzima, vitu vingine vikiwa vimezimwa.

Mita hiyo hiyo hukuonyesha umeme unaopotea. Chomoa kila kitu, zima taa zote, acha swichi kuu ikiwa imewashwa, kisha tazama dakika kumi. Taa ikiendelea kumeta, kuna waya unaovujisha au mtu ameunganishiwa kwenye nyaya zako, na hapo mwite fundi mwenye leseni. Zima swichi kuu. Ikiwa bado inameta, tatizo liko kabla ya swichi yako. Usifungue chochote, wapigie TANESCO uwatajie namba ya mita.