Pindo la Fedha: Jinsi Kompyuta Ichoravyo Nuru ya Wingu

Jua linapojificha nyuma ya wingu nene, tumbo la wingu huonekana la kijivu, lakini ukingo wake hung'aa kana kwamba umetariziwa kwa uzi wa fedha. Mchoraji wa rangi huupata mng'ao huo kwa kupitisha brashi mara moja. Kompyuta haiwezi kufanya hivyo. Haina budi kuufuata mwendo wa nuru ndani ya wingu, na katika kuufuata hufichua sababu halisi ya pindo hilo.

Wingu si gimba lenye ngozi kama chungu au jiwe. Ni matone madogo ya maji yaliyotawanyika hewani, na nuru huingia ndani yake. Kwa hiyo kompyuta haichori uso wa wingu. Kwa kila kitone cha picha, hupeleka mwale mmoja kutoka jichoni kuelekea angani, na kuutembeza hatua kwa hatua. Katika kila hatua huuliza swali moja: je, hapa pana matone kiasi gani?

Jibu la swali hilo hutokana na ruwaza iliyobuniwa na Steven Worley mwaka 1996. Nafasi hugawanywa katika visanduku vilivyo sawa, na ndani ya kila kisanduku huwekwa nukta moja mahali pa nasibu. Kisha, kwa mahali popote, hupimwa umbali hadi nukta iliyo karibu zaidi. Umbali huo ukitolewa katika 1, kila nukta huwa kitovu cha fundo la mviringo, na mafundo hayo hukutana kwenye mabonde membamba kama yale ya koliflawa. Ruwaza yenye mafundo makubwa hujumlishwa na nyingine zenye mafundo madogo zaidi na nguvu ndogo zaidi, na hapo hupatikana umbo la wingu la mchana. Nukta iliyo karibu zaidi huenda ikawa katika kisanduku cha jirani. Kwa sababu hiyo hukaguliwa visanduku 27: chenyewe na jirani zake 26. Asiyewakagua jirani huligundua kosa lake mara moja, kwani wingu lake huwa na mipasuko iliyonyooka kama kuta.

Sasa tuitazame nuru. Inapopita katika matone, sehemu yake hupotoshwa njia, na ile inayosalia ni `T = e^(-kL)`, ambapo `L` ni urefu wa njia na `k` ni kipimo cha wingi wa matone. Na tuchukue `k = 0.05` kwa kila meta. Baada ya meta 20 husalia asilimia 37 ya nuru. Baada ya meta 200 haisalii hata sehemu moja katika elfu kumi.

Tuchukulie kwamba jua liko nyuma kabisa ya wingu, na mtazamaji yuko mbele. Mwonzi huingia kwa nyuma, hugonga tone mahali fulani, hupinda kidogo, kisha huendelea hadi jichoni. Popote lilipo tone hilo, jumla ya njia ndani ya wingu ni ile ile, yaani `L`. Lakini kadiri `L` inavyokuwa ndefu, ndivyo matone ya kugongwa yanavyokuwa mengi. Basi tukiandika `x = kL`, mng'ao hufuata kanuni hii:

```
M = x * e^(-x)
```

Mwanafunzi na aijaribu kwa mkono. Pale `x` ikiwa 0.1, `M` ni 0.09, kwa kuwa matone ni machache mno. Pale `x` ikiwa 1, `M` ni 0.37, na hicho ndicho kilele. Pale `x` ikiwa 10, `M` ni chini ya 0.0005, kwa kuwa nuru imezimwa njiani. Basi pindo la fedha ni mahali ambapo wingu si jembamba mno wala si nene mno. Katika mfano wetu ni pale njia ya nuru inapokuwa na urefu wa meta 20.

Kuna sababu ya pili. Tone la wingu ni kubwa kuliko urefu wa wimbi la nuru, na kwa hiyo huisukuma nuru nyingi mbele badala ya kuitawanya sawasawa pande zote. Wachoraji wa kompyuta hutumia hapa kanuni ambayo Henyey na Greenstein waliitoa mwaka 1941 kwa ajili ya vumbi lililo baina ya nyota. Kipimo chake kikiwekwa 0.8, nuru inayokwenda mbele moja kwa moja huwa mara 45 ya ile ambayo ingepatikana kwa mtawanyiko ulio sawa, na ile ya ubavuni huwa chini ya moja ya tano. Ndiyo maana pindo hung'aa jua likiwa nyuma ya wingu, wala si likiwa mgongoni mwa mtazamaji.

Kwa kawaida jua haliko nyuma kabisa, na kompyuta haiwezi kuijua njia ya nuru mapema. Kwa hiyo, katika kila hatua ya mwale wa jicho, hutembeza mwale wa pili kuelekea jua, mara nyingi kwa hatua sita tu, ikijumlisha matone yaliyo njiani. Hapo ndipo gharama ilipo. Picha yenye vitone 1920 kwa 1080, hatua 64 kwa kila kitone, na vipimo sita vya nuru kwa kila hatua, inaweza kudai vipimo karibu milioni 929. Andrew Schneider na wenzake, walioeleza mwaka 2015 mawingu ya mchezo wa Horizon Zero Dawn, waliikokotoa ruwaza mapema na kuihifadhi katika jedwali la pande tatu lenye namba 128 kila upande, ili kompyuta isome tu badala ya kupima umbali upya.

Lakini umbo lenyewe laweza kulipoteza pindo. Chukua wingu la duara lenye nusu kipenyo cha meta 200 na matone yaliyo sawa mpaka ukingoni. Njia ya meta 20 hupatikana sentimeta 25 tu ndani ya ukingo, na mng'ao wote hukaa katika utepe wa takriban meta 2. Kwa umbali wa kilometa 2, utepe huo ni kama vitone viwili vya picha. Matone yakiongezeka polepole katika meta 40 za ukingo, kilele huhamia karibu meta 10 ndani, na utepe hufikia meta 20. Basi wembamba wa matone ukingoni, pamoja na mafundo ya Worley yanayoumega ukingo huo, si pambo. Ndivyo vinavyoipa fedha mahali pa kukaa.

Hatua nazo ziangaliwe. Hatua ya meta 30 huweza kuliruka pindo lote, na picha ikaonyesha mistari ya tabaka kama pete za mti. Dawa yake ni kufupisha hatua mwale ufikapo penye matone, na kuanza kila mwale mahali pa nasibu kidogo.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inahesabu mgongano mmoja tu, ilhali katika wingu halisi nuru hugonga matone mara nyingi bila kumezwa. Kwa hiyo tumbo la wingu lililochorwa hivi hutoka jeusi kama makaa. Wachoraji huongeza sehemu ndogo ya nuru inayofifia polepole zaidi, hadi weusi ugeuke kijivu. Nyongeza hiyo ni makadirio. Pindo lenyewe, ambako nuru nyingi hugonga mara moja au mbili tu, huihitaji kidogo sana.